Laki nane na nusu ilivyoninyima usingizi: nilivyoipeleka ripoti ya kikundi kwenye Kiingereza

Jamani nimemaliza! Ripoti ya mwaka ya kikundi chetu cha usafi huku Temeke, kurasa 14, imeenda kwa mfadhili kwa Kiingereza na imepokelewa, kwa hiyo leo niacheni nitambe kidogo.

Maneno yenyewe hayakunitesa. Balaa lilikuwa hesabu, maana Katibu wetu anaandika kama anavyoongea. Ukurasa wa matumizi kaweka ujenzi wa mfereji 3,250,000/=, vifaa vya usafi 1,880,000/=, halafu mstari wa tatu kaandika kwa maneno "nauli na vikao laki nane na nusu". Sasa Kiingereza cha huku hakina laki, lazima uivunje iwe maelfu, na mimi usiku ule nimechoka, umeme umekatika mara mbili, nikaandika 800,500. Nusu ya nini? Hata mimi sijui, nadhani kichwani niliona nusu ya elfu. Mtoto wa Uswahilini kabisa, eti nakosea laki! Nusu inafuata kipimo kilichoitangulia: laki nane na nusu ni 850,000, milioni moja na nusu ni 1,500,000, basi.

Nilikuja kustuka kwa sababu nina tabia moja, sinakili jumla kutoka kwenye Kiswahili, naijumlisha upya kwa tarakimu nilizoandika mimi. Kiswahili kinasema matumizi 5,980,000, mimi napata 5,930,500. Zimepungua 49,500. Nikaangalia salio: mwaka ulianza na 1,120,000, mapato 6,430,000, ukitoa matumizi inabaki 1,570,000, ya Katibu inakubali, yangu inagoma. Nimeitafuta hiyo 49,500 mpaka saa nane usiku, nilishaanza kumshuku Mweka Hazina wa watu, kumbe mwizi ni mimi. Ningenakili tu ile jumla ya chini, kosa lingesafiri salama salimini mpaka kwa mfadhili.

Kuna jamaa anajiita mzoefu wa mambo ya miradi akaniambia geuza zote ziwe dola, wazungu hawaelewi shilingi. Nikamsikiliza, ujinga wangu. Kila mstari ukiukadiria kwenye dola, ukijumlisha mistari haifiki kwenye jumla, na tena unageuza kwa bei ya siku gani, ya Julai mwaka unapoanza au Juni unapoisha? Nikafuta zote. Shilingi ikabaki shilingi, TZS mbele, koma palepale.

Vyeo navyo vina vituko. Mkuu wa Wilaya usimwite mkuu wa kitu chochote kwa Kiingereza, ana jina lake la serikalini ndiyo maana kila mtu anamwita DC. Mjumbe wa kamati na mjumbe wa shina ni watu wawili tofauti. Mtaa nimeuacha uitwe Mtaa, nikaeleza mara ya kwanza tu kwamba ni ngazi ya serikali chini ya kata, maana ukiandika neno la barabara Mtendaji wa Mtaa anageuka msimamizi wa lami. Na Mwenyekiti wetu ni mama, ila Kiswahili "alisema" hakikwambii jinsia, mimi nikamfanya mwanaume ukurasa mzima.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kubwa kuliko zote. Kwenye Kiswahili imeandikwa: "Kamati haikuwasilisha stakabadhi za shilingi laki tatu, na Mweka Hazina amepewa hadi tarehe 30 Septemba kuzileta." Mimi nikaona aibu, nikailainisha kwa Kiingereza ikawa kama stakabadhi hazikupatikana kwa wakati. Nikajiona mjanja. Nikampelekea, shikamoo mama, naye akamwita binti yake ambaye hakuwahi kuiona ya Kiswahili, amsomee Kiingereza changu akikirudisha kwenye Kiswahili sentensi kwa sentensi. Ilipofika pale binti akasema "risiti hazikuonekana".

"Zimejificha zenyewe?" mama akauliza. "Mwanangu, mkutano ulisema kamati haikuleta. Wewe unasema hazikuonekana. Nani sasa wa kuulizwa?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nikaanza na kamati kama mtenda, cheo cha Mweka Hazina kikarudi, tarehe ikarudi, na laki tatu ikawa 300,000. Halafu nikapitia ripoti nzima natafuta kila mahali nilipomficha mtu, nikakuta sehemu nne zaidi, aibu tupu. Lakini pale Kiswahili chenyewe kilipoandikwa "ilikubaliwa" bila kusema na nani, sikumtunga mtu, nilimpigia Katibu simu kwanza aangalie muhtasari wa kikao.

Mfadhili kajibu juzi: ripoti imepokelewa, stakabadhi za TZS 300,000 wanazisubiri hiyo tarehe 30. Mweka Hazina tangu hapo hanisalimii.