Tiketi ya pointi tatu iliyokulia mikononi mwangu

Ijumaa usiku. Leo tumefunga sprinti ya tano, kipindi cha kazi cha wiki mbili ambacho hakikuwamo kwenye ahadi tuliyompa mteja. Tulimwambia wiki nane, zimekuwa kumi. Nimerudi nyumbani nikiwa na hamu ya kuandika jinsi wiki hizo mbili zilivyopatikana, kwa sababu hakuna aliyezembea. Zilitokana na namba tulizobadilisha kwenye Jira, programu tunayofuatilia kazi zetu, mwishoni mwa Septemba, na mojawapo niliibadilisha mimi.

Tuko watano, tunatengeneza mfumo wa kukusanya ada za shule, na tunakwenda kwa sprinti za wiki mbili. Kila tiketi, yaani kazi moja iliyoandikwa kwenye Jira, ina makadirio ya aina mbili: pointi, tunazokubaliana pamoja kwa kuonyeshana karata zenye namba kabla ya sprinti, na masaa, anayojaza aliyeichukua kazi. Kwa muda mrefu niliyaona kama kipimo kimoja chenye majina mawili, kama kilo na ratili. Pointi tatu ni siku moja na nusu, basi.

Sivyo. Ron Jeffries, mmoja wa walioanzisha XP, mtindo wa kutengeneza programu, amewahi kueleza kwamba mwanzoni walikadiria kwa siku za kazi isiyokatizwa, ambazo kwa kawaida zilizidishwa mara tatu ili kupata siku halisi. Wakubwa wakawa wanauliza kwa nini kazi ya siku tatu imechukua tisa. Ndipo wakaziita pointi, ili mtu asizione kama kalenda. Pointi zinasema tiketi hii ni kubwa kiasi gani ikilinganishwa na nyingine tulizozipima siku zilezile, kwa ujuzi na ujinga uleule. Masaa yanasema kitu kingine kabisa: mtu huyu, kwenye kazi hii, anahitaji muda gani kuanzia sasa. Yanatakiwa yabadilike kila siku. Pointi zinatakiwa zitulie.

Tiketi yenyewe ilisomeka hivi: "Mzazi akilipa ada kwa simu, deni la mwanafunzi lipungue." Pointi 3. Nilijaza masaa 12. Kufikia Jumanne jioni nilikuwa nimeandika masaa 9, na Jira ikapunguza yenyewe ikaonyesha yamebaki 3. Jumatano asubuhi dada anayefanya majaribio akaniita kwenye meza yake.

"Kaka, huyu mzazi amelipa laki moja. Mbona deni limepungua laki mbili?"

Mfumo wa malipo hutuma ujumbe wa uthibitisho kwenye seva yetu. Seva ikichelewa kujibu, mfumo huo hudhani ujumbe umepotea na kuutuma tena. Sisi tulikuwa tunaupokea mara mbili na kupunguza deni mara mbili. Dawa yake inajulikana: namba ya muamala inawekwa kwenye hifadhidata kwa sharti kwamba haiwezi kujirudia, na ujumbe wa pili unajibiwa "tumepokea" bila kugusa deni. Masaa 5 zaidi. Siku iliyofuata, nikiendelea kuchimba, nikaona upande wa pili wa tatizo lilelile. Seva ikiwa imezimika, ujumbe unaweza usifike kabisa, na mzazi aliyelipa akaendelea kudaiwa. Ilibidi niandike kazi inayojiendesha kila dakika kadhaa, ikiuliza hali ya malipo yote ambayo hayajajibiwa. Masaa 7. Wiki hiyohiyo mhasibu wa shule akaomba mzazi apate SMS baada ya kulipa. Masaa 2, nikayabeba humohumo. Jumla 26.

Siku ya kufunga sprinti nilitazama ile 12 na ile 3, nikaona hazisemi ukweli. Nikafuta 12 nikaandika 26. Nikafuta 3 nikaandika 8. Niliamini kabisa kwamba natenda haki. Wenzangu wawili walifanya vivyo hivyo kwenye tiketi zao, mmoja kutoka 2 kwenda 5, mwingine kutoka 5 kwenda 8. Jumla tuliongeza pointi 11.

Chati ya kasi ya Jira, yaani ya pointi timu inazomaliza, ina nguzo mbili kwa kila sprinti. Ya kijivu ni pointi zilizokuwamo sprinti ilipoanza, nayo haibadiliki hata ukirekebisha makadirio baadaye. Ya kijani ni zilizokamilika, na inahesabu kadirio lililopo sprinti inapofungwa. Kwa hiyo kijani yetu ikapanda hadi 35. Sprinti mbili za nyuma zilikuwa 23 na 26. Wastani wa zote tatu ukatoka 28, na kwenye orodha ya kazi zinazosubiri tulikuwa na pointi 112. Gawanya: sprinti nne, wiki nane. Ndiyo ahadi tuliyoipeleka kwa mteja.

Kosa liko ndani ya mgawanyo huo, na nililiona baada ya kusikitika sana. Zile 112 zilipimwa kwa jicho lilelile la kutoijua kazi ambalo lilikuwa limeipa tiketi yangu 3. Hazikuwa zimekua bado, kwa sababu hakuna aliyekuwa amezigusa. Sisi tukachukua kasi iliyohesabiwa kwa pointi zilizovimbishwa baada ya kazi, tukaigawia kazi zenye pointi za kabla ya kazi. Tungeziacha pointi zilivyokuwa, sprinti ile ingekuwa na 24, au 25 ukihesabu ile SMS kama pointi moja ya haki. Wastani ungekaa kati ya 24 na 25, na 112 zingetuambia sprinti tano. Kasi ndogo ndiyo mahali pa kuhifadhi mshangao. Tiketi zikikua, zinakamilika chache, namba inashuka, na mpango unaofuata unakuwa umeshaubeba ukuaji huo bila mtu kuukadiria.

Sasa ngoja niirudie tiketi ileile kama ningeifanya leo, kwa sababu hivi ndivyo tunavyofanya tangu Oktoba.

Jumatano asubuhi, baada ya kuona deni linapungua mara mbili, sigusi kadirio la awali, `Original estimate`. Inabaki 12. Nafungua `Time tracking` na kwenye `Time remaining` nafuta 3 iliyojazwa na mashine, naandika 8h: tatu za awali na tano za tatizo jipya. Kwenye maoni ya tiketi naandika sentensi moja ya sababu, "uthibitisho unaweza kuja mara mbili," ili anayesoma baadaye asione namba tu. Alhamisi nimefanya mengine 4, Jira inaonyesha 4 yamebaki, nimegundua ujumbe unaopotea, naandika 11h. Sasa yeyote akitazama anaona 12 tuliyodhani, 13 yaliyotumika, 11 yaliyobaki. Kazi ni ya masaa 24. Kiongozi wa timu anaijua habari hiyo Alhamisi, siku ambayo bado anaweza kutoa tiketi nyingine nje ya sprinti au kunipa mtu wa kusaidia. Nikimwambia Ijumaa ya wiki ya pili, hana la kufanya.

Ile namba inayopungua yenyewe naiogopa kuliko zote. Jira hutoa tu: 12 kasoro 9 ni 3. Haijui lolote kuhusu ujumbe unaorudi mara mbili. Usipoandika mwenyewe kilichobaki, tiketi itafika sifuri ikiwa bado iko wazi, na kila ripoti ya masaa itaonyesha mambo ni shwari.

Na SMS? Hapo huwa nasoma sentensi ya tiketi kwa sauti. "Mzazi akilipa, deni lipungue." Deni likipungua mara mbili, sentensi ni ya uongo. Lisipopungua kabisa, ni ya uongo pia. Kwa hiyo kazi zote mbili zilikuwa ndani ya tiketi tangu mwanzo, ila hatukuziona, nazo zinaongeza masaa tu. SMS haimo kwenye sentensi. Hiyo ni haja mpya, inapata tiketi yake, pointi yake moja, na msimamizi wa bidhaa ndiye anayeamua kama inaingia sprinti hii na nini kitoke kuipisha. Mhasibu hakukasirika tulipomwambia hivyo baadaye kwa ombi lingine. Alichagua mwenyewe kipi kisubiri.

Kila asubuhi kabla ya kikao naendesha utafutaji huu:

```
sprint in openSprints() AND statusCategory != Done AND workRatio > 75
```

`workRatio` ni asilimia ya masaa yaliyotumika dhidi ya kadirio la awali. Tiketi iliyokula zaidi ya robo tatu na haijaisha ndiyo ninayomwuliza mwenye nayo: zimebaki ngapi kweli? Tiketi yangu ya Septemba, yenye 9 juu ya 12, ilikuwa kwenye 75 kamili Jumanne jioni, na ingetokea mara tu ningeongeza saa moja. Lakini utafutaji huu unategemea ile 12 iwepo. Siku niliyoifuta nikaweka 26, uwiano ulijipanga kwenye 100 kamili, kana kwamba tulikadiria sawasawa.

Kuna wakati wa kubadilisha pointi, nao ni kabla kazi haijaingia sprinti. Oktoba tulikuwa na tiketi tatu zinazosubiri, za malipo kutoka benki na mitandao mingine, na zote tulizipa 3 kwa kuzilinganisha na ile yangu. Zote zingekutana na ujumbe wa mara mbili na ujumbe unaopotea. Hapo si tiketi moja iliyopata wiki mbaya, ni ukoo mzima uliopimwa vibaya ukilinganishwa na tiketi nyingine. Tukakaa, tukazipa 5 kila moja, na 112 ikawa 118. Ile iliyokwisha nafikiri ilistahili kubaki 3. Inaifanya kasi iwe chini kidogo, upande ambao haumuumizi mteja.

Tiketi isiyokwisha sprinti inapofungwa inahamia inayofuata na pointi zake zote. Hatuigawi. Tulijaribu kujipa 2 kati ya 5 "kwa kazi iliyofanyika" na tukabishana dakika arobaini juu ya namba ambayo hakuna aliyeihitaji, wakati swali la masaa yaliyobaki lilijibiwa kwa pumzi moja.

Leo saa kumi jioni tiketi ya mwisho ya benki imefungwa. Kadirio la awali masaa 16, yaliyotumika 22, pointi 5. Dada wa majaribio alituma uthibitisho uleule mara tatu mfululizo kwenye seva ya majaribio, akageuza skrini nione: deni limepungua mara moja, laki moja tu.