Cherehani na Honi

Skripti ile niliianza kwa majivuno. Ilitakiwa drama ya dakika 5, mimi nikaleta kurasa 11 zenye lokesheni 4: hospitali, kituo cha basi, ofisi na nyumbani. Timu nzima tulikuwa watatu, yaani mpiga picha, mtu wa sauti na mimi muongozaji, na siku ya kurekodi ni moja.

Mpiga picha aliisoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Nani anataka nini, na nani anamzuia?" Nikaanza kueleza deni la kaka, ugonjwa wa mama, ndoa ya dada. Akanikatisha: "Hizo filamu tatu. Halafu kila tukihama, kuzifungua taa na kuzifunga upya ni zaidi ya saa nzima. Tutaigiza saa ngapi?"

Nilinuna, lakini usiku nikafuta. Kikabaki chumba kimoja na jambo moja: kaka ameuza cherehani ya marehemu mama, mnunuzi yuko njiani, dada hataki itoke. Mnunuzi mwenyewe hatumwoni. Nilimgeuza honi ya gari nje ya dirisha, nikaokoa mwigizaji mmoja na lokesheni nzima. Tena ile honi ikawa ndiyo saa yao: kila ikilia, wanabanwa zaidi.

Mazungumzo ndiyo yaliyonitesa. Nilikuwa nimeandika: "Kaka, unajua mama yetu alifariki mwaka jana na hii cherehani ndiyo iliyotusomesha." Waigizaji walipoisoma kwa sauti, yule dada akacheka. Kwa nini amwambie kaka yake habari anazozijua? Tukabaki na hivi:

"Umeshapokea hela?"

"Nusu."

"Rudisha."

"Nimeshaitumia."

Mama hatajwi kabisa. Lakini dada anapoongea mkono wake uko kwenye gurudumu la cherehani, na hapo mtazamaji anaelewa.

Zikabaki kurasa 5. Wanasema ukurasa mmoja ni kama dakika moja, nami niliamini hivyo mpaka tulipofanya mazoezi tukipima kwa simu. Ukurasa wa majibizano mafupi uliisha kwa sekunde 35, ilhali mstari mmoja tu, "Dada anafungua mafundo ya kamba," ulikula sekunde 40. Fundo la kweli halina haraka. Nikapunguza mafundo, kutoka manne hadi moja.

Mwishoni nilikuwa nimempa dada hotuba ya kusamehe, mistari 6. Nilikuwa naipenda mno, ndiyo maana sikuigusa. Siku ya kurekodi, honi ikalia mara ya tatu, yule dada akaisahau yote. Akakaa kimya, akachomoa kibobini chenye uzi uliobaki, akakitia mfukoni, kisha akaisukuma cherehani kwa kaka yake.

Mtu wa sauti akanitazama kuona kama nitasema turudie. Nikasema, "Kata."