Siku yangu jikoni, kwa wewe unayeshika mwiko kesho

Mdogo wangu,

Kesho nashuka Uvira kumuuguza mama, nawe utabaki na jiko la bweni hili la Bukavu, na wanafunzi 60 wenye njaa ya ujana. Kupika unajua, sikufundishi. Ninachotaka ukijue ni kupasha viporo, maana sufuria ya nyumbani na sufuria ya lita 40 hazina tabia moja. Leo nimeandika siku nzima, saa kwa saa, ili uone ninavyofanya.

Saa kumi na moja alfajiri. Kabla ya kuwasha babula, namtafuta sentineli. Nimemwomba aandike kwenye kartoni umeme ukikatika saa ngapi na ukirudi saa ngapi. Usiku huu ulikatika saa tano, ukarudi saa saba. Saa mbili tu, na firigo haikufunguliwa, kwa hiyo sina wasiwasi: ikiwa imefungwa inashika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Naingiza tamometa kwenye maharagi: digrii 4. Ingekuwa giza limedumu kwa muda wa saa sita na chakula kimepanda juu ya digrii 5 tangu usiku wa manane, ningekimwaga chote, hata kama kinanukia vizuri. Pua haikusaidii hapa. Bakteria wanaougulisha watu hawabadilishi harufu wala ladha.

Saa kumi na mbili. Uji na chai. Hapo hakuna cha kueleza.

Saa mbili. Nimerudi kutoka soko la Kadutu na tomati, vitunguu na sombe, na nikingoja maji yachemke nakupa habari ambayo sijapenda kuisema kwa watu wengi.

Miaka mingi iliyopita, katika bweni jingine, niliacha wali uliobaki ndani ya sufuria yake, mfuniko juu, kwenye sakafu ya jiko. Usiku ulikuwa wa baridi, nikasema baridi hii inatosha. Asubuhi nilipozamisha mkono katikati ya wali, ulikuwa bado vuguvugu. Nikaupasha hadi ukatoa moshi, nikaugawa saa sita mchana. Ilipofika saa tisa vijana walikuwa wanatapika uani, mmoja akishikilia ukuta. Nililia sana, kwa sababu niliupasha vizuri kabisa na sikuelewa kosa langu lilikuwa wapi.

Baadaye nilielewa. Kuna bakteria wa udongoni, wataalamu wanamwita basilasi sereusi. Mbegu zake zinakuja na mchele wenyewe, na kuchemsha hakuziui. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu zinaamka, zinazaana na kuacha sumu ndani ya punje. Sumu hiyo moto wa jiko hauiharibu. Unaweza kuuchemsha wali ule mpaka uungue, bakteria watakufa na sumu itabaki. Ndiyo maana nakuambia kosa langu lilikuwa la usiku, na moto wa asubuhi haukuweza kulirudisha nyuma. Wali uliolala nje haupashwi, unamwagwa.

Saa nne. Sasa maharagi. Zimebaki lita 24 za jana. Sizipashi katika sufuria moja, nazigawa mbili, lita 12 kila moja, juu ya babula mbili. Naongeza kikombe cha maji yanayochemka ili uzito ulegee, kisha nakoroga kutoka chini kabisa, mwiko ukikwangua kitako, maana maharagi mazito yanaungua chini wakati tumbo lake bado ni baridi.

Saa nne na dakika 25. Pembeni kunatokota, mapovu yanapasuka, mtu angesema chakula kiko tayari. Natumbukiza tamometa katikati, bila kugusa kitako cha sufuria: digrii 48. Uniangalie hapo, mdogo wangu. Pembeni panachemka na katikati ni joto lile lile ambalo bakteria wa mchuzi na nyama wanalipenda. Huyo ni mwingine, si wa wali, naye mbegu zake zinavumilia kupikwa. Kwenye joto la digrii 45 hivi anaweza kujigawa mara mbili kila dakika 10. Hesabu mwenyewe: mmoja, wawili, wanne, baada ya saa tatu na dakika 20 wamepita milioni. Mwanafunzi anakula mchana, tumbo linamkata usiku, na hakuna anayekumbuka maharagi.

Naendelea kukoroga. Saa tano kasoro dakika 10 napima sehemu tatu, katikati, chini na karibu na ukingo: 81, 84, 83. Ninachotaka ni 75 kila mahali, na kifike ndani ya saa mbili tangu kitoke kwenye firigo. Usiweke sufuria juu ya majivu ya moto ijipashe polepole asubuhi nzima. Huko ni kuwafuga.

Neno moja juu ya tamometa. Ukiitia kwenye maji yanayochemka hapa kwetu itasoma 95 hivi, usidhani imeharibika. Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, na maji yanachemka kabla ya kufika 100. Kwa kupasha bado inatosha sana.

Saa tano. Wali wa jana, ule uliolala kwenye firigo. Nauvunja madonge kwa mkono uliooshwa, maana katikati ya donge moto unachelewa kuingia. Naunyunyizia maji, sufuria ndogo, mfuniko, moto mdogo, nageuza mara kwa mara. Napima ndani ya kilima cha wali: 78. Basi.

Saa sita. Tunagawa. Masufuria yanabaki juu ya makala, na kila nusu saa napima; yasishuke chini ya 60. Kijana mmoja amechelewa darasani, anakuja saa nane, chakula chake bado kinachoma ulimi. Kilichobaki baada ya hapo hakirudi kwenye firigo. Kiporo kinapashwa mara moja tu.

Saa moja jioni. Hapa ndipo kazi ya kesho inapoanza, na hapa ndipo nataka usichoke. Sombe na wali wa jioni umebaki. Naumwaga wali kwenye masinia, unene wa vidole vitatu vilivyolala, si zaidi. Sombe naigawa kwenye sufuria ndogo, naziketisha ndani ya beseni la maji baridi, nakoroga, nabadilisha maji yakipata joto. Mfuniko nauweka upande, mvuke utoke. Joto linatakiwa lishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, halafu hadi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Sufuria nzima ya lita 40, hata kwenye usiku wetu wa baridi, haiwezi kufanya hivyo. Asubuhi utaikuta vuguvugu tumboni, kama nilivyoikuta mimi.

Saa mbili usiku na dakika 40. Wali 19, sombe 20. Vyote vinaingia firigo, masinia hayapandani, hewa ipite katikati.

Tamometa nimeiacha kwenye mfuko wa eproni ya bluu nyuma ya mlango. Ioshe kwa maji ya moto kila ukitoka sufuria moja kwenda nyingine. Kartoni ya sentineli iko juu ya firigo. Msalimie kwanza, ndipo umuulize umeme.

Dada yako wa jikoni