Gitaa la kwanza la binti yangu

Tumerudi sasa hivi kutoka mjini Moshi. Binti yangu ana miaka 14, bendi ya vijana kanisani imemkubali, na mkononi tulikuwa na laki mbili tu.

Moyo wake ulikuwa kwenye gitaa la umeme, jekundu.
Bei yake tuliimudu. Lakini bila amplifaya halisikiki hata benchi la pili, na ukilichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisa, sauti hutoka nyembamba, imefifia.

Tukageukia magitaa makavu.
La kwanza nyuzi zilikaa juu mno: kwenye chuma cha 12 shingoni, kama milimita 5. Akajaribu kodi ya F, akakunja uso.
La pili hazikufika milimita 3, na hakuna uzi uliokwaruza. Tukalichukua.

Kanisani tutaliwekea maikrofoni pale shingo inapokutana na mwili, maana mbele ya tundu sauti huvuma.

Sasa yuko barazani. Amenionyesha ncha za vidole, zina mistari myekundu, na anacheka.

Wapigaji wenzangu, nimbadilishie nyuzi nyembamba zaidi, au nimwache azoee hizi?