Namba ya siri hakuitaja

Jumatano, saa nne usiku. Kibanda nimefunga saa mbili, floti nimeihesabu mara mbili na haikupungua kitu, lakini usingizi hauji. Jioni nimebandua lile tangazo la ukutani nililoandika kwa kalamu nyekundu: USIMPE MTU YEYOTE NAMBA YAKO YA SIRI. Limekaa pale miaka mitatu. Nimelitoa kwa sababu mteja wangu alilifuata neno kwa neno, na hela yake ikaondoka.

Ni mama anayeuza machungwa ya Muheza pale soko la Mgandini. Ijumaa iliyopita alikuja kwangu saa tano asubuhi na Sh 340,000 zilizofungwa kwenye ncha ya khanga. Ilikuwa hela ya mzigo. Alitaka ikae kwenye simu mpaka jioni, ndipo amtumie mwenye shamba. Nikahesabu, nikamwekea, meseji ikaingia, akaisoma, akatia saini kwenye daftari akaenda zake.

Hazikupita dakika ishirini, simu yake ikalia. Aliyepiga alimsalimia vizuri, akamtaja kwa majina yake yote matatu, akamwambia: "Mama, asubuhi hii umeweka laki tatu na arobaini kwa wakala wa Ngamiani. Muamala wako haujakamilika upande wetu, na usipohakikiwa sasa hivi laini itafungwa na hela itarudi kwa wakala." Kisha akasema jambo ambalo mama amenirudia mara tatu nne, akitingisha kichwa: "Tafadhali usinitajie namba yako ya siri. Hiyo ni yako peke yako."

Hapo mama akamwamini. Tapeli, kwa anavyojua yeye, ni mtu anayeomba namba ya siri. Huyu alikuwa anamkataza kuitaja. Alikuwa anasema maneno yale yale ya ukutani kwangu.

Nilimwomba mama anionyeshe hatua kwa hatua alichoambiwa, tukafuata pamoja kwenye simu yake bila kumalizia. Aliambiwa aweke spika asikate simu, afungue menyu ya pesa, abonyeze 1. Moja ni kutuma pesa, lakini yule mtu hakusema "tuma pesa". Alisema "uhakiki". Kisha: "Ingiza namba ya kumbukumbu ninayokusomea." Akasomewa tarakimu kumi zinazoanza na 07. Hiyo ilikuwa namba ya simu ya mpokeaji. Kisha: "Sasa ingiza namba ya uhakiki: tatu, tatu, tano, sifuri, sifuri, sifuri." Ukiisikia moja moja namna hiyo haifanani na hela hata kidogo. Ukiiandika kwenye kioo ni Sh 335,000. Ile elfu tano alimwachia kwa ajili ya makato, muamala usije ukakataa kwa salio kutotosha. Huyo mtu anayajua makato ya kutuma kuliko wateja wangu wengi.

Mwisho akaambiwa: "Sasa ingiza siri yako mwenyewe, mimi sitaki kuisikia." Akaingiza. Kioo kikaleta jina la mtu asiyemjua na kiasi, kikamuuliza kama anathibitisha. Akaambiwa abonyeze 1 haraka kabla muda haujaisha. Akabonyeza.

Alipofika kwangu anahema, tulipiga 100 pale pale. Tukasoma namba ya muamala iliyo kwenye meseji, tukaeleza. Mhudumu alikuwa mpole, akatazama, akasema hela imeshatolewa. Ingekuwa bado imekaa kwenye akaunti ya mpokeaji, wangeweza kuizuia wakati malalamiko yanashughulikiwa. Ikishakuwa noti mkononi mwa mtu, mtandao hauna cha kushika. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana mwenzao anakuwa ameshasimama kwa wakala mahali fulani, simu mkononi, anangoja meseji iingie. Namba ya simu ya mpokeaji tuliituma kwenda 15040, kule kunakoripotiwa utapeli, mama akaenda polisi akafungua jalada, akarudi na namba ya RB kwenye kikaratasi alichokikunja mara nne. Mwenye shamba hajalipwa mpaka leo.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza tumewafundisha nini watu wetu. Tumewaambia namba ya siri ni kitu cha kuficha, kama fedha chini ya godoro. Hilo ni kweli, ila ni nusu. Namba ya siri ni saini pia. Ukiiingiza umesema "ndiyo, toa hela yangu", hata kama hakuna aliyeiona wala kuisikia. Mama hakuvujisha siri yake. Aliisaini karatasi ambayo mtu mwingine alimsomea kwa uongo.

Swali lililonikosesha raha zaidi ni hili: alijuaje kiasi? Alijuaje majina matatu, na kwamba ni kwangu?

Jibu nililipata Jumamosi nilipokaa upande wa mteja wa kaunta yangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nifungue. Daftari langu lilikuwa limefunguliwa, limegeuzwa kumwelekea mteja ili atie saini kwa urahisi. Na kila anayetia saini anaona mistari yote ya waliomtangulia: saa, jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha NIDA, kiasi. Ijumaa ile, baada ya mama, alikuja kijana akauliza bei ya vocha, akaegemea kaunta simu mkononi kama vijana wote wanavyoegemea, akaondoka bila kununua. Siwezi kuapa kuwa ni yeye. Lakini picha moja tu ya ukurasa ule ilitosha, na ukurasa niliufungua mimi.

Nimemwambia mama hilo. Ilinichukua siku mbili kupata ujasiri. Alinyamaza, akasema, "Mwanangu, hukujua." Sikujua, lakini ni kazi yangu kujua.

Nilipoanza kulitazama daftari kwa macho ya mwizi nikaona na jambo jingine. Namba ya siri ina tarakimu nne, kwa hiyo ziko namba 10,000 zinazowezekana, na ukikosea mara tatu inafungwa. Mwizi aliyeiba simu hawezi kujaribu zote. Ana nafasi chache tu, basi anatafuta makisio mazuri. Watu wengi huweka mwaka wa kuzaliwa, au 1234, au tarakimu nne za mwisho za namba yao ya simu. Sasa namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, ikianza na mwaka. Kwa hiyo mstari mmoja wa daftari langu ulikuwa unampa mwizi makisio mawili kati ya hayo matatu, yameandikwa kwa mwandiko mzuri.

Daftari sasa linanitazama mimi. Nimekata kipande cha boksi kinachofunika mistari yote isipokuwa ule wa anayesaini, na namba ya NIDA naikagua kwenye kadi bila kuiandika mahali pa kusomwa na foleni. Akiondoka mteja, nafunga.

Kuna jambo ambalo boksi haliwezi kulifunika, nalo ni sauti. Leo saa sita mzee mmoja wa Chumbageni, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja kutoa Sh 50,000. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akanipa simu juu ya vichwa vya watu wawili: "Nitolee mwanangu, siri ni ule mwaka wangu." Kisha akautaja mwaka wenyewe. Foleni ilikuwa na watu sita.

Miaka yote nilikuwa naipokea ile simu. Macho yake hayaoni maandishi madogo, vidole vinatetemeka, foleni inanung'unika, na mimi si mwizi. Leo nilimrudishia. Nikamweleza polepole kwamba kazi yangu haihitaji siri yake hata siku moja: akiweka hela, naingiza siri yangu kwenye simu yangu, akitoa, anaandika namba yangu ya wakala na kiasi kwenye simu yake, kisha siri yake, basi. Wakala anayesema lazima aijue anadanganya. Akakasirika. Alisema nimeanza kumfanya mtoto. Nilitoka nje ya kibanda, nikasimama naye pembeni, nikamsomea menyu na yeye akabonyeza, na ilipofika siri nikageuka nikatazama barabara. Ilichukua dakika saba. Wateja wawili waliondoka kwenda kwa wakala jirani, na kamisheni yao imekwenda nao.

Sina suluhisho kamili la mzee yule. Asiyeona vizuri atamhitaji mtu, na mtu huyo atajua. Bora awe mjukuu mmoja aliyemchagua mwenyewe kuliko mimi na watu sita wa foleni. Ila mwaka wa kuzaliwa lazima uondoke, maana leo umeshasikika.

Tangazo jipya nimeliandika kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa, na sikulipandisha juu ukutani. Nimelibandika kwenye ubao wa kaunta, pale mteja anapoinamisha macho kutazama simu yake:

ANAYEKUPIGIA KUTOKA HUDUMA KWA WATEJA ANATUMIA NAMBA 100 TU.
AKIKUSOMEA NAMBA ZA KUINGIZA, KATA SIMU.
NAMBA INAYOANZA NA 06 AU 07 NI NAMBA YA SIMU YA MTU.
SOMA JINA NA KIASI KWENYE KIOO KABLA YA KUBONYEZA 1.

Mstari wa pili ndio niliofikiria muda mrefu kuliko yote. Mwanzoni niliandika sentensi ndefu kuhusu matapeli wanaojifanya wahudumu, nikaifuta. Mtu aliye na simu sikioni na hofu kifuani hapimi kama mpigaji ni wa kweli au wa uongo. Anachoweza kukitambua ni kitendo: nasomewa tarakimu, naziingiza. Hapo ndipo pa kukata. Na laini ikiwa kweli ina tatizo, atapiga 100 yeye mwenyewe, au atakuja kibandani.

Maneno hayo hayo nimeyaweka kwenye hali yangu ya wasap usiku huu. Mama wa machungwa ameshayaona, alama ya jina lake ipo. Hajaandika kitu.

Mzee nimemwomba aje kesho saa moja asubuhi, kabla ya foleni, tubadilishe namba ya siri. Nimemwambia afikirie tarakimu nne njiani, zisiwe za mwaka wala za simu, na asinitajie. Alisema atakuja akipata usingizi mzuri. Nimeweka stuli nje ya kibanda, upande usio na barabara.