Zimebaki siku 9: siku moja ya mweka hazina

Saa 11:30 alfajiri. Kabla sijawasha jiko nafungua daftari. Matembezi ya hisani ya maktaba ya shule yetu hapa Moshi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kila jioni mimi ndiye ninayetuma tangazo la kuhesabu siku kwenye kundi la wazazi: siku zilizobaki, fedha zilizoingia, majina. Kinachoonekana ni mistari minne tu.

Saa 3 nipo dukani Mbuyuni napima maharage. Hadi saa 6 michango saba imeingia.

Saa 7 simu ikaita. "Binti, mbona jina langu halimo? Juzi nimetoa elfu hamsini!" Nikamwamkia, nikafungua ukurasa wa juzi. Kulikuwa na 50,000 niliyoizungushia wino mwekundu, maana ujumbe wake ulikuja na jina la wakala, siyo la mchangiaji. Fedha ilishahesabiwa, aliyeitoa ndiye hakujulikana. Ila sikuweza kumwandika papo hapo. Watu wengine wawili nao wameahidi 50,000 na sijaona zao. Nikikosea, mmoja atatangazwa kwa mchango wa mwenzake.

Nikamuuliza alituma vipi. Kumbe hakutumia simu yake. Alimpa wakala noti pale Kiboriloni, wakala akaweka moja kwa moja kwenye namba yangu. Nikamwomba arudi kwa wakala waangalie daftari lake, kila muamala huandikwa pale na saa yake. "Kwa hiyo mimi mwongo?" Hapo ndipo mchana wangu ulipokwisha. Nilimweleza mara tatu, huku wateja wamesimama na mifuko mkononi, kwamba namtafutia haki yake. Akakata simu. Nikakaa na donge kooni, maana ni mzee wa heshima na ana wajukuu wawili pale shuleni.

Karibu saa 10 akapiga tena, sauti imeshuka. Wakala ameandika saa 3:48 asubuhi. Ujumbe wangu unasoma 09:48. Nikamsomea na kumbukumbu namba, tarakimu kwa tarakimu, ikalingana na ya kwenye daftari. Nikaandika jina lake pembeni ya ule wino mwekundu. "Asante mwanangu, umenitunzia," akasema.

Jioni miguu inawaka, na mwenzangu wa kamati anataka tutangaze ahadi, 7,200,000, ili watu wapate hamasa. Nimekataa. Fundi wa rafu kule Majengo anataka nusu mkononi ndipo akate mbao, na hapokei ahadi. Ahadi zina safu yake daftarini. Kwenye tangazo inaingia taslimu peke yake.

Jana tulikuwa na 4,120,000. Leo imeingia michango 11, jumla 385,000. Nimejumlisha mara mbili, nikahakiki na salio la simu, ndipo nikatuma:

Zimebaki siku 9. Zimeingia 4,505,000.

Chini yake majina 12. La mzee ni la kwanza, na tarehe yake ya juzi.