Barua ya kujiuzulu ambayo sikuiandika

Nilikuwa karani wa godauni Kisumu, mshahara 32,000 kwa mwezi. Katoni za mafuta ya kupikia zilipungua kwenye hesabu, na Ijumaa saa kumi jioni nikaitwa ofisini. Mezani palikuwa na karatasi moja na kalamu. "Tia sahihi ujiuzulu, au tunakufuta kazi sasa hivi na polisi waje," meneja akaniambia. Niliomba nifikirie hadi Jumatatu, akakataa. Nikatia sahihi mkono ukitetemeka, ila kabla ya kuirudisha nikaomba kuipiga picha kwa simu.

Nilipofika nyumbani Manyatta ndipo nikaisoma vizuri. Ilisema naacha "kwa hiari yangu, kuanzia leo", na jina langu la ukoo lilikuwa limekosewa herufi. Usiku uleule nikawatumia barua pepe: nani aliichapa barua, niliitwa saa ngapi, niliambiwa nini, na kwamba siitambui kama uamuzi wangu. Naamini barua pepe hiyo ndiyo iliyoniokoa. Ukikaa kimya miezi miwili, utaonekana uliridhika.

Anayeacha kazi kwa hiari huchagua siku yake na kutoa notisi, ambayo kwa mshahara wa mwezi ni siku 28, na kwa kawaida hana fidia ya kudai. Anayelazimishwa amefutwa kazi, hata kama sahihi ni yake. Hapo mwajiri anapaswa kuthibitisha sababu, na kuonyesha kwamba alifuata kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007: akueleze kosa kwa lugha unayoielewa, akusikilize, na mwenzako wa kazini unayemchagua awepo. Mimi sikupewa lolote kati ya hayo. Lakini mzigo wa kuonyesha kwamba ulishurutishwa ni wako. Kama ungeelezwa mashtaka, ukapewa muda wa kujitetea, kisha ukaamua kuondoka mwenyewe, kusema ulilazimishwa kungekuwa kugumu.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa afisa wa kazi. Malalamiko ya kufutwa hupelekwa kwake ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo sikungoja. Nilibeba picha ile, barua pepe, hati ya malipo na mkataba. Walipoitwa, afisa aliwauliza swali moja: kama huyu aliacha kwa hiari bila notisi, mbona hamkumdai notisi hiyo? Kisha akawaomba kumbukumbu za kikao cha kunisikiliza. Hazikuwepo.

Tuliafikiana pale pale: mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi na wa miezi mitatu kama fidia, jumla 128,000, pamoja na siku zangu za likizo. Mahakama inaweza kutoa fidia hadi ya miezi 12, ila mimi nilihitaji karo ya watoto muhula ule. Cheti cha utumishi nilikidai pia, na safari hii nilikagua jina kabla ya kukipokea.